Mzee Wino na Kitasa cha Choo cha Saiti

Mzee huyu alikuwa haandiki kwa penseli, hata umfanyeje. Ukimpa penseli anakutazama kana kwamba umempa mswaki wako. Yeye na wino mweusi, wino mweusi na yeye, kalamu tatu mfukoni zimepangwa kama askari, na daftari gumu la jalada jekundu chini ya kwapa. Saiti zote alizopita walimwita Mzee Wino, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kukaa kwenye kitambulisho tu.

Zamani alikuwa fundi mwashi, tena mzuri. Siku moja ukuta uliojengwa na mwingine ukapata ufa, lawama ikamwangukia yeye, na kwa kuwa hakuwa na karatasi hata moja ya kumtetea, akafukuzwa mchana kweupe. Alilia, hafichi. Kisha akafuta machozi, akarudi darasani na umri wake ule, akasomea usimamizi wa kazi. Tangu hapo akawa yule mtu ambaye mwenye jengo anamweka saiti awe macho yake. Hajengi, wala hana ruhusa ya kuamuru ukuta ubomolewe. Anaona, anapima, anauliza, anaandika. Basi. Ukidhani ni kazi nyepesi, jaribu kukaa siku nzima ukitazama watu wanaokuchukia kwa adabu.

Na alivyoandika sasa! Kila siku ukurasa mmoja, hata siku isiyokuwa na jambo. Hali ya hewa asubuhi, hali ya hewa jioni. Waashi wangapi, maseremala wangapi, vibarua wangapi. Kilicholetwa getini na idadi yake. Nani kaja, kasema nini. Nini kimekaguliwa, na nini hakikukaguliwa na kwa nini. Kurasa alizipa namba kwa mkono wake siku ya kwanza, kuanzia moja hadi mia mbili, ili mtu asije akachana hata moja kimyakimya. Akikosea neno hafuti, anapiga mstari mmoja juu yake, kosa linasomeka, kisha anaweka sahihi pembeni. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi yao aliandika: "Bibi harusi amepokelewa saa kumi, hali nzuri, hakuna nyufa." Mzee hakuwahi kukanusha.

Saiti yenyewe safari hii ilikuwa kituo cha afya, na kazi ilikuwa ukarabati wa wodi ya akina mama wanaojifungua. Paa lilikuwa limechoka na kenchi, zile fremu za mbao zinazolibeba, zimeliwa na mchwa. Michoro ilisema kenchi tano za upande wa dirishani zitolewe zote, zije mpya zilizopakwa dawa, ndipo dari lipigwe. Mzee Wino aliijua wodi ile kabla ya kuijua michoro. Mwanawe wa kwanza alizaliwa humo, kitanda cha kona, siku ya mvua, na mkewe alimnyonyesha mtoto huku beseni likikinga matone karibu na mto. Kwa hiyo kona ile alikuwa na neno nayo.

Upande wa mkandarasi, msimamizi wa mafundi alikuwa bwana mmoja mtanashati, viatu havishiki vumbi, ambaye kila ukimuuliza jambo anakujibu "tayari". Saruji imekuja? Tayari. Umepima? Tayari. Unaenda unakuta hata futi haijatoka mfukoni. Wakamwita Tayari, na jina akalipenda, masikini, akidhani ni sifa.

Tayari alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kuona maandishi ya Mzee Wino bila kuyasahihisha. Kwenye mkutano wa saiti, kila Alhamisi, muhtasari wa wiki iliyopita unasomwa kwanza, watu wanaulizwa kama kuna marekebisho, kisha unathibitishwa na kutiwa sahihi. Hapo ndipo Tayari alipokuwa anaamka. Si vibarua kumi na mmoja, ni kumi na wawili, yule wa maji hukumhesabu. Lori halikuja saa tatu, lilikuja saa tatu na dakika tano. Mambo ya msingi hana habari nayo, lakini dakika tano hazimpiti. Alitaka ionekane tu kwamba mzee wa kalamu naye anakosea. Mzee Wino anapiga mstari, anaandika upya, anaweka sahihi, roho inamuuma ndani kwa ndani.

Mwenyekiti wa mikutano hiyo alikuwa msanifu wa majengo, binti mdogo kwa umri lakini hana mchezo. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuamuru kitu kifunguliwe au kirudiwe. Pembeni yake hukaa muuguzi mkuu wa kituo, mama mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa waliozimia, naye swali lake ni lilelile kila wiki: wodi yangu lini?

Muhtasari wote aliuandika Mzee Wino. Na hapo alikuwa mkali kama pilipili. Kila jambo lina namba yake, kila uamuzi una jina la mtu na tarehe pembeni. Aliwahubiria mpaka wakachoka kwamba jambo lisilo na jina ni yatima, kila mtu atalionea huruma na hakuna atakayelilea. Maneno yake mwenyewe hayo. Yakumbuke, maana yatarudi.

Sasa choo cha saiti. Kilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya wodi, karibu na tangi la maji, mbali kabisa na geti. Kitasa chake kilikuwa kibovu: mlango ukijifunga, ndani hakuna cha kushika. Jambo hilo lilitajwa mkutano wa tano. Watu wakacheka, muuguzi mkuu akasema lake ambalo sitaliandika hapa, na Mzee Wino akaona haya kuandika neno choo halafu pembeni yake jina la mtu mzima mwenye heshima zake. Akaandika: "Kitasa cha mlango wa choo ni kibovu. Kitarekebishwa." Jina, hakuna. Tarehe, hakuna. Mkutano wa sita likaandikwa tena vilevile. Mhubiri huyo.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia, mbao za kenchi zilikuja. Mzee Wino akazihesabu getini, akaandika ukurasa wa arobaini: zinatosha kenchi tatu. Akamuuliza Tayari za mbili zilizobaki ziko wapi. Ziko njiani, akaambiwa, kesho asubuhi, hesabu ni tayari.

Jumanne asubuhi hazikuonekana. Kilichokuja ni barua ya Tayari, kwa utaratibu kabisa: leo saa nane mchana tutaanza kupiga dari upande wa dirishani, tunakutaarifu uje ukague kenchi kabla hazijafunikwa. Mzee akaipokea, akaweka sahihi na saa. Akajiambia leo hawa watanikuta. Nitapanda ngazi nizihesabu moja moja, mpya ziwe tano, zikiwa tatu patachimbika.

Lakini mchana alikuwa amekula kiporo cha maharage ambacho mkewe alikuwa amemwonya asikibebe, kwamba kimelala siku mbili, akijifanya mbishi shauri yake. Akajifanya mbishi. Ilipokaribia saa nane tumbo likamkata, akaenda nyuma ya wodi mbiombio, na kwa haraka ile akasahau kuweka jiwe la kuzuia mlango. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa ule mlio wa taratibu wa kitu kisicho na haraka.

Aligonga. Aliita. Alisema "jamani" kwa sauti zote anazozijua, ya heshima, ya hasira na ya kuomba. Humo ndani giza, saa yake ya mkononi ameiacha mezani juu ya daftari. Kisha akasikia nyundo zimeanza ndani ya wodi, ko, ko, ko, na akaelewa kinachofanyika juu ya kile kitanda cha kona. Hapo alitaka kulia tena kama siku ile ya ukuta.

Aliyemfungulia alikuwa fundi seremala, aliyeteremka ngazi kwa haja zake binafsi. Wakatazamana. Seremala akatoa shikamoo, na mzee akaitikia marahaba kwa heshima yote iliyokuwa imebaki. Saa yake pale mezani ilionyesha tisa na dakika ishirini na tano. Dari la upande wa dirishani lilikuwa limepigwa lote, limenyooka, linapendeza macho.

Mzee Wino akamwendea Tayari, akamwomba ashushe mbao mbili tatu za dari ili atazame. Tayari akatabasamu, akamkumbusha kwamba yeye hana mamlaka ya kuamuru kitu kibomolewe. Na hapo alikuwa na haki, hilo ndilo lililomchoma mzee. Akaongeza kwamba mbao za kenchi zile mbili zilifika saa nane kamili, amezipokea yeye mwenyewe getini, amesimama hapo hadi saa tisa kasorobo lori likishushwa, na kenchi zote tano ni mpya, tayari. Lori limeingia saa ambayo macho ya mwenye jengo yalikuwa chooni. Tundu lilikuwa kwenye shajara ya mzee, na Tayari alikuwa amepitisha lori zima humo.

Jioni ileile akamwandikia msanifu taarifa: kenchi zimefunikwa bila kukaguliwa. Kwa nini, hakusema. Aliona aibu, jamani, mzee mzima. Lakini ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa bado mweupe mbele yake, na ukurasa ule haukubali "udhuru". Akaandika yote, kila kitu, mpaka maharage.

Siku ya pili yake, wakati wa kula, akamweleza mkewe. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka akaona mumewe hacheki, akamuuliza kama lazima ukurasa ule usomwe mbele ya watu. Mzee akasema si lazima, labda aulizwe. Anaweza kujibu alikuwa na shughuli nyingine, na msanifu ana haya, hatafukua. Lakini hapo itakuwa ni neno lake na neno la Tayari, barua ya taarifa iko na sahihi yake, dari litabaki lilivyo, na Jumatatu akina mama wanahamia. Na je, kenchi mbili zikiwa ni zile za mchwa?

Mkewe akaondoa sahani. "Baba watoto, mimi nililala kwenye ile kona na beseni pembeni," akasema. "Wewe ulikaa chooni na siri yako. Nani kati yetu ana haki ya kuona aibu?" Swali hilo mzee hakuliandika.

Alhamisi wakakutana kwenye chumba cha kuhifadhia dawa, meza moja, viti vya kuazima. Msanifu akafungua mkutano, wakathibitisha muhtasari wa sita, Tayari akasahihisha idadi ya mifuko ya misumari, kisha wakaingia kwenye dari. Tayari alikuwa amejiandaa. Akatoa nakala ya barua yake yenye sahihi ya mzee. Akaeleza alivyopokea mbao getini kuanzia saa nane hadi saa tisa kasorobo. Akasema mafundi walisubiri, mkaguzi hakutokea, na kazi haiwezi kusimama kwa kumngoja mtu mmoja. Kama hakukagua, huo ni uzembe wake, na dari likifunguliwa basi kuchelewa kote ni kwa mwenye jengo.

Muuguzi mkuu akasema yeye ana akina mama kwenye korido. Msanifu akatazama picha za dari jipya, akazitazama tena. Alionekana anaelekea kukubali. Akamgeukia mzee na kumuuliza kwa upole kabisa alikuwa wapi.

Mzee Wino akavaa miwani. Akafungua daftari jekundu, ukurasa wa arobaini na moja, akasoma kwa sauti ileile anayosomea idadi ya mifuko ya saruji:

"Jumanne. Asubuhi jua, mchana mawingu, hakuna mvua. Maseremala wanne, vibarua sita. Mbao za kenchi mbili hazikuonekana hadi mchana. Kuanzia saa nane na robo, kwa kukadiria, maana sikuwa na saa, hadi saa tisa na dakika ishirini na tano, mimi msimamizi wa kazi nilikuwa nimefungiwa chooni kwa kitasa kibovu. Sababu ya kwenda: maharage. Nimegonga na kuita, sikusikika. Nimefunguliwa na fundi seremala. Kenchi sikuziona. Kitasa kimetajwa mkutano wa tano na wa sita, sikuandika jina wala tarehe. Kosa hilo ni langu."

Muuguzi mkuu akapasuka kwa kicheko. Yule mama alicheka mpaka chupa za dawa zikagongana rafuni, msanifu akajificha nyuma ya mchoro, mabega yanamtikisika. Mzee alikaa wima, masikio yanawaka moto, anangoja yapite.

Aliyecheka zaidi ya wote ni Tayari. Alicheka kwa raha ya mtu aliyeshinda, akajipangusa machozi kwa leso, na kule kushinda kukamlevya. Kwani alikuwa amesikia kosa. Kosa la dakika, katika maandishi ya Mzee Wino, mbele ya watu. Angeliachaje?

"Hata hapo hajaandika sawa," akasema, akiwa bado anacheka. "Saa nane na robo wapi? Alianza kugonga saa nane na dakika mbili. Nilikuwa hapo kwenye tangi na saa yangu mkononi, nikamsikia mpaka saa nane na nusu. Rekebisha, mzee."

Muuguzi mkuu ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Msanifu akashusha mchoro polepole. Mzee Wino hakuinua uso. Alifungua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya maneno "saa nane na robo" na mwingine juu ya "sikusikika", akaandika mapya, akaweka sahihi mara mbili.

"Nimerekebisha," akasema. "Saa nane na dakika mbili, nimesikika na msimamizi wa mkandarasi, akiwa kwenye tangi hadi saa nane na nusu. Niandike na lori la getini alilipokea nani?"

Tayari alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, hakuwa tayari.

Msanifu hakupaza sauti. Akasema dari la upande wa dirishani lifunguliwe sasa hivi, kwa gharama ya mkandarasi, mkutano ukiwa umeahirishwa kwa nusu saa. Wakaenda wote. Seremala akapanda ngazi bila kumtazama mtu, akashusha mbao za dari, na kenchi zikaonekana. Tatu mpya. Mbili za kona ni zilezile za zamani, zimepakwa oili chafu ziwe na rangi moja na zile mpya. Muuguzi mkuu akaomba apishwe, akapanda ngazi na viatu vyake vyeupe, akatoa mkasi mfukoni, akauchoma kwenye kenchi iliyo juu ya kitanda cha kona. Mkasi ukazama mpaka kwenye vishikio, unga ukamwagika juu ya ngazi. Akateremka. Siku hiyo hakuuliza wodi yake lini.

Muhtasari wa mkutano wa saba ulitoka siku ya pili yake, kurasa mbili, umesambazwa kwa wote. Kenchi mbili za kona zitolewe, mpya zikaguliwe getini, kisha zikaguliwe zikiwa juu, ndipo zifunikwe. Mhusika: msimamizi wa mkandarasi. Tarehe: hii hapa. Choo hakikusahauliwa. "Kitasa cha mlango wa choo. Mhusika: msimamizi wa mkandarasi. Mwisho: kesho saa nne asubuhi. Mkaguzi: Mzee Wino." Majina ya watu wazima na heshima zao, pembeni mwa neno choo, kwa wino mweusi.

Mkutano wa nane, muhtasari uliposomwa, msanifu akauliza kama kuna marekebisho. Shingo zote zikamgeukia Tayari. Alikuwa ameona kitu, ilionekana. Ukurasa wa pili palikuwa na dakika tatu zilizopungua, na vidole vilimwasha. Akasema hana marekebisho, akatia sahihi.

Akina mama walihamia wiki tatu baadaye kuliko ilivyopangwa. Ukurasa wa siku hiyo ninaujua kwa moyo, kwa kuwa mzee aliusoma nyumbani nami nikiwepo, na mkewe akaomba ausome tena: "Mvua kubwa tangu alfajiri. Wodini akina mama sita, watoto saba, wawili ni pacha. Kitanda cha kona kina mtu. Nimekaa chini ya dari lake nusu saa, hakuna tone. Beseni halikuhitajika. Kitasa cha choo kinafanya kazi, nimekijaribu mwenyewe, mlango ukiwa wazi."